Elfu arobaini na tano za muziki wa gemu

Kijana anayetengeneza gemu ya simu peke yake mjini Garissa anaweza kujifundisha karibu kila kitu. Programu ya kutengenezea gemu kama Godot haina malipo, michoro huchorwa usiku baada ya kazi ya mchana, na kujisajili Google Play ni dola 25 mara moja tu. Wengi hukwama kwenye muziki. Hapo ndipo barua pepe huandikwa kwa mtunzi wa Eastleigh au Mombasa ambaye kazi yake imesikika YouTube. Nimepitia barua za namna hii kabla hazijatumwa, na hufanana kiasi kwamba naweza kuiunda moja hapa bila kumnukuu mtu:

"Mambo vipi. Natengeneza gemu ya mfugaji anayeswaga ngamia kutoka Wajir hadi Mto Tana wakati wa kiangazi. Nahitaji nyimbo kumi, kila moja dakika tatu, ziwe na ladha ya Kisomali lakini kali kama za filamu. Bajeti yangu ni ndogo, 45,000. Gemu ikishika tutakula pamoja. Niambie kama uko sawa."

Barua hii haina ubaya wa nia. Bajeti imetajwa wazi, jambo ambalo wengi hulikwepa, na wazo la gemu ni zuri. Tatizo ni kwamba pesa ndogo imetumwa kununua kitu kikubwa mno, na kwamba neno moja zito, la nani atamiliki muziki, halimo kabisa. Nitaanza na ukubwa wa kazi kwa sababu ndio unaoamua kama barua itajibiwa.

Nyimbo kumi za dakika tatu ni dakika thelathini za muziki. Mtunzi mwenye kasi huhesabu takriban siku moja ya kazi kwa kila dakika iliyokamilika: kutunga, kurekodi, kuchanganya sauti, kusafisha. Kwa hesabu hiyo barua inaomba mwezi mzima wa kazi, na 45,000 inakuwa 1,500 kwa siku. Ndani ya hiyo 1,500 bado kuna mpiga kaban wa kulipwa na saa za studio kama mtunzi hana chumba chake. Mtunzi anayejua hesabu hatajibu. Atakayejibu haraka ni yule ambaye hajapiga hesabu, na huyo atachoka kwenye wimbo wa tatu, aanze kuchelewesha, kisha azime simu. Mtengenezaji atadhani amepata mtu asiye mwaminifu, kumbe mapatano yenyewe hayakuwa na njia ya kukamilika.

Dawa ni kuomba kidogo na kukitumia vizuri. Gemu haihitaji muziki mrefu. Inahitaji muziki unaojirudia bila kuchosha. Gemu yetu ya ngamia ina hali tatu tu za kweli: kuanza, safari, na hatari, kisimani au njiani. Kwa hiyo naomba kipande cha mwanzo cha sekunde 45, cha safari cha sekunde 90, cha hatari cha sekunde 60, na milio miwili mifupi, mmoja wa kufika na mmoja wa kushindwa. Hizo hazifiki dakika nne.

Sekunde 90 za safari zitambeba vipi mchezaji kwa saa mbili? Kwa tabaka. Mtunzi anaandika kipande kimoja lakini anakitoa katika faili tatu zinazokwenda sambamba: ngoma na makofi katika moja, kaban katika ya pili, sauti ya mtu anayeimba bila maneno katika ya tatu. Gemu inazipiga zote kwa wakati mmoja, na inafungua au kuzima kila moja kulingana na hali. Ngamia wakiwa na kiu inabaki ngoma peke yake. Wakikaribia maji kaban inaingia, na mto ukionekana sauti ya mtu inapanda juu yake. Mchezaji hahisi kwamba anasikia kipande kilekile, kwa sababu kinabadilika pale hali yake inapobadilika.

Tabaka zina sharti moja lisilosamehe: faili zote tatu lazima ziwe na urefu sawa kabisa, hadi punje ya mwisho ya sauti. Tuseme mwendo ni mapigo 96 kwa dakika na kila hesabu ina mapigo manne. Hesabu 36 ni mapigo 144, na mapigo 144 kwa mwendo huo ni sekunde 90 kamili. Kwa rekodi ya kawaida ya punje 44,100 kwa sekunde, kila faili itakuwa na punje 3,969,000. Mtengenezaji anaweza kukagua mwenyewe kwa amri hii:

```
ffprobe -v error -show_entries stream=duration_ts -of csv=p=0 safari_ngoma.wav
```

Faili moja ikionyesha namba tofauti na wenzake, usiipokee. Katika mzunguko wa kwanza hutasikia kitu. Ikiwa gemu inairudisha kila faili peke yake inapofika mwisho, kwenye mzunguko wa kumi kaban itakuwa imeanza kutangulia ngoma.

Kosa la pili la kawaida ni kupokea MP3. Ufinyazaji wa MP3 huongeza kimya kifupi mwanzoni na mwishoni mwa faili. Kwenye wimbo wa kusikiliza hakuna atakayegundua, lakini kwenye kipande kinachojirudia kila mzunguko unasikika kama umejikwaa. Omba WAV ya kuhifadhi, kisha igeuze kuwa OGG ya kuweka ndani ya gemu. Tabaka tatu za sekunde 90 zikiwa WAV zinakaribia megabaiti 48. Zikiwa OGG ya kilobiti 96 kwa sekunde ni kama megabaiti tatu tu. Kwa mchezaji wa Habaswein au Dadaab anayepakua kwa bando la kununua, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atapakua.

Sauti yenyewe nayo inataka maelezo bora kuliko "ladha ya Kisomali". Mtunzi wa Eastleigh akisoma maneno hayo hajui kama unataka dhaanto, unataka mashairi ya wanawake ya buraanbur pamoja na ngoma na makofi yake, au unataka kaban, yaani udi, wa nyimbo za zamani za mapenzi. Hivi ni vitu vitatu mbalimbali. Muziki wa Kisomali kwa kawaida hutembea kwenye noti tano, na mtunzi akiongeza za nje bila kujua, msikilizaji wa Garissa atasikia filamu ya Kihindi au taarabu ya Lamu. Dhaanto ina mwendo ambao wengi huulinganisha na hatua za ngamia, kwa hiyo kwa gemu hii ndiyo ningeitaja kwanza. Andika mwendo, ala na hali: "mwendo wa dhaanto, ngoma ya mkono na makofi, kaban moja, mtu amechoka lakini hajakata tamaa." Sentensi hiyo moja inamwokolea mtunzi wiki ya kubahatisha.

Usimtumie wimbo wa mtu ukamwambia "nifanyie kama huu." Akiufuata sana mmejiletea kesi ya hakimiliki, na akikwepa sana utamwambia hakuelewa. Kukata vipande kutoka kaseti za zamani ni hatari hiyohiyo, kwa sababu kuwa kaseti inazunguka kila mtaa hakuondoi haki ya mwenye rekodi. Tena tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayodai ridhaa ya jamii kwa matumizi ya kibiashara ya sanaa zake. Mwendo wa ngoma si mali ya mtu mmoja, lakini shairi linalojulikana ni la nani na liliimbwa kwa tukio gani ni jambo jingine. Agiza melodi mpya.

Kuna familia nyingi huku Kaskazini Mashariki zisizotaka ala za muziki nyumbani, na zinaruhusu sauti ya mtu na dufu. Mtengenezaji wa Garissa anawajua wachezaji hawa, mtunzi wa Mombasa huenda hawafikirii. Ukiwa na tabaka, heshima hii haikugharimu chochote cha ziada: weka swichi kwenye mipangilio inayozima kaban na kuacha ngoma na sauti. Lakini lazima umwambie mtunzi mapema, ili ngoma na sauti ziweze kusimama zenyewe.

Sasa hakimiliki. Hapa ndipo napenda msomaji atulie, awe mtengenezaji au mtunzi.

Wengi hudhani kwamba kama barua haikusema lolote, muziki unabaki wa aliyeutunga. Uingereza ndivyo ilivyo: mtunzi wa kujitegemea hubaki na hakimiliki mpaka aitoe kwa maandishi. Kenya ni kinyume. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana kuzuia au kupunguza uhamisho huo. Kwa maneno mengine, barua iliyokaa kimya imeshasema. Kwa 45,000 na bila kuandika neno, kijana wa Garissa anaweza kuwa amenunua melodi nzima, na mtunzi hawezi tena kuiweka kwenye albamu yake bila kuomba ruhusa.

Mtengenezaji asifurahie haraka. Kwanza, umiliki huo una matobo. Haki ya mtunzi ya kutajwa kama mtunzi haiuzwi pamoja na hakimiliki. Mpiga kaban na mwimbaji nao wana haki zao kama watumbuizaji, na kama mtunzi hakuchukua saini zao, wewe huna kibali chao. Na kama mtunzi ni mwanachama wa chama cha kukusanya mirabaha kama MCSK, huenda alishakikabidhi chama haki ya upigaji hadharani wa kazi zake kabla hajakujua. Muulize swali hili moja kwa moja kwenye barua.

Pili, na kwangu hili ni zito zaidi, si haki. Mtu aliyekubali 45,000 kwa kazi ambayo ingestahili mara tatu yake amekuchangia gemu yako. Kumchukulia na umiliki juu yake ni kumlipisha mara mbili. Pale ambapo pesa haitoshi, haki ndizo zinazoweza kuziba pengo, na hazimtoi mtengenezaji senti. Anachohitaji yeye ni uhakika: atumie muziki ndani ya gemu na matangazo yake, dunia nzima, bila mwisho wa muda, na asiusikie kwenye gemu nyingine. Hiyo ni leseni ya kipekee kwa matumizi ya gemu. Yaliyobaki, yaani albamu, maonyesho, filamu, mlio wa simu, yabaki kwa mtunzi. Kumbuka kwamba leseni ya kipekee kwa sheria ya Kenya haina nguvu isipoandikwa na kutiwa saini, kwa hiyo barua pepe pekee nisingeitegemea. Ukurasa mmoja wenye saini mbili unatosha.

Mfano mkubwa duniani ni wa Minecraft. Markus Persson alianza gemu hiyo akiwa peke yake, na muziki akatungiwa na kijana wa Kijerumani aliyekutana naye mtandaoni, Daniel Rosenfeld, ajulikanaye kama C418. Rosenfeld alibaki na hakimiliki ya muziki wake na mwaka 2011 akautoa kama albamu yake mwenyewe. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua kampuni ya gemu kwa dola bilioni 2.5, na muziki huo ukaendelea kuwa wa Rosenfeld. Gemu haikupungukiwa na kitu kwa mtunzi kumiliki. Albamu ilileta wasikilizaji kwenye gemu, na gemu ikawaleta kwenye albamu.

Kuna mtego mmoja hapa ambao lazima uandikiwe sentensi yake. Mtunzi akisambaza albamu kupitia kampuni za usambazaji, mara nyingi anaulizwa kama anataka muziki wake utambuliwe kiotomatiki kwenye YouTube. Akikubali, kila kijana atakayerekodi akicheza gemu yako ataletewa dai la hakimiliki, na mapato ya video yake yatahamishiwa kwingine. Wanaotangaza gemu yako bure ndio watakaoumia, na wataacha. Mkubaliane kwamba vipande vilivyomo ndani ya gemu havitaandikishwa kwenye utambuzi huo.

Nirudi kwa "tutakula pamoja." Tuseme gemu inauzwa shilingi 300 na inauzika nakala 200. Google ikikata asilimia 15, kinachobaki kabla ya kodi ni 51,000. Mgao wa asilimia kumi unampa mtunzi 5,100. Ni pesa nzuri ya ziada, lakini haiwezi kushika nafasi ya malipo, na gemu nyingi za mtu mmoja hazifiki hata dukani. Kwa sababu hiyo mgao uje juu ya malipo, uwe na asilimia na tarehe za kulipa. Pia barua iseme gemu ikifa itakuwaje. Mimi huandika kwamba mradi usipotoka ndani ya miaka miwili, leseni inakufa na mtunzi anabaki na pesa alizolipwa.

Hivi ndivyo ningeiandika barua ya mwanzo:

"Assalamu alaikum kaka,

Niko Garissa, natengeneza gemu ya simu peke yangu. Nimesikiliza kipande chako cha kaban, hasa pale ngoma inapoingia mara ya pili, ndiyo maana nakuandikia wewe. Katika gemu mchezaji anaswaga ngamia kutoka Wajir hadi Mto Tana wakati wa kiangazi. Sehemu ya kwanza inachezeka. Nimeambatisha video ya dakika mbili isiyo na sauti.

Naomba vipande vitatu: mwanzo sekunde 45, safari sekunde 90, hatari sekunde 60, na milio miwili mifupi. Cha safari kiwe na tabaka tatu za urefu sawa, ngoma, kaban na sauti isiyo na maneno, kwa mwendo wa dhaanto. Ngoma na sauti ziweze kusikika bila kaban, kwa sababu wapo wachezaji wasiotaka ala.

Bajeti yote ni shilingi 45,000, ninayo tayari, na siwezi kuiongeza. Kama kazi ni kubwa kuliko pesa, niambie tupunguze nini. Nitatuma kwa M-Pesa 15,000 kabla hujaanza, 15,000 nikishasikia safari ndani ya gemu, na 15,000 nikishasikia vyote ndani ya gemu, kabla hujanikabidhi faili za WAV. Malipo ya mpiga kaban na mwimbaji, kama watakuwepo, yamo humo, na naomba saini zao.

Hakimiliki ya muziki ibaki kwako. Mimi naomba leseni ya kipekee ya kuutumia kwenye gemu hii na matangazo yake, bila mwisho. Albamu ni yako, ila tusiandikishe vipande hivi kwenye utambuzi wa YouTube. Gemu ikiuzwa nitakupa asilimia kumi ya ninachopokea, kila miezi sita, na nitakuonyesha ripoti ya duka. Gemu isipotoka ndani ya miaka miwili, leseni inakwisha, na uliyolipwa ni yako. Je, wewe ni mwanachama wa MCSK au chama kingine?

Marekebisho mawili kwa kila kipande yatanitosha. Wiki nane ningeshukuru, Ramadhani tusiihesabu. Kama huna nafasi, jibu fupi tu litanisaidia.

Wasalaam."

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini mtunzi akiisoma anaweza kusema ndiyo au hapana siku hiyohiyo. Angalia mpangilio wa malipo: hakuna upande unaobeba hatari yote. Mtunzi haanzi bila arbuni, na mtengenezaji haitoi pesa ya mwisho kabla hajasikia kila kitu ndani ya gemu yake. Angalia pia maneno "tupunguze nini." Mtunzi anayeheshimiwa hivyo mara nyingi hujibu kwa pendekezo bora kuliko ombi, kwa mfano kwamba kipande cha hatari kijengwe juu ya ngoma ileile ya safari, na siku mbili zilizookolewa ziende kwenye uimbaji.

Rasimu zikifika, zisikilize kwa spika ya simu ya bei nafuu, mahali penye watu, kabla hujavaa spika za masikioni. Spika ndogo hazitoi sauti nzito, na nyuzi za chini za kaban pamoja na kishindo cha ngoma hupotea. Kinachobaki ni kofi la mkono kwenye ngozi na nyuzi za juu. Ukiona mwendo umepotea, usimwambie mtunzi "ongeza sauti." Mwambie ngoma haisikiki kwenye simu, naye atajua aongeze makofi au ahamishe melodi juu. Hayo ni marekebisho yenye maana, na unayo mawili tu.

Kwa watunzi wa Garissa, Eastleigh na Pwani nasema hili: mkiletewa kazi kwa ujumbe mfupi wa WhatsApp na arbuni ikaingia kabla ya mazungumzo, msianze. Jibuni kwa sentensi moja kwamba hakimiliki itabaki kwenu na mwenye gemu atapewa leseni, msubiri akubali kwa maandishi, ndipo mfungue studio. Bila maandishi hayo, kifungu cha 31 kitampa aliyelipa.